Benki Ikikwambia "Ngoja", Siku Zako Ndizo Zinaisha

Wasee, leo nataka kugombana na sentensi moja tu. Umeisikia. Kastoma kea anaisema kwa sauti tamu kabisa, na muziki wa kusubiri bado unakulia masikioni: "Tumepokea malalamiko yako, tafadhali ngoja, tutakujulisha."

Mwizi wa kadi anaanza kazi. Hiyo sentensi ndiyo inaimaliza. Na sisi vijana wa hii mitaa tunaikubali kama ni amri ya Mungu, tunarudi nyumbani, tunangoja.

Kabla mtu aniambie ati kadi ni mambo ya mabosi wa Lavington, angalia ploti yako hapa Satellite. Kuna msee wa kuedit video anayelipia programu kila mwezi. Kuna dada wa wigi anayelipia matangazo. Kuna yule wa kuandikia watu wa majuu kazi. Na tangu Juni 2022, M-PESA GlobalPay imempa kila mtu kadi ya Visa ndani ya simu, bila hata kuonana na benki. Kadi iko Kawangware, iko Kibera, iko kila mahali. Lakini elimu ya kupigania pesa ikikatwa na mtu usiyemjua haikuja na hiyo kadi.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, sina digrii ya sheria. Lakini hii kitu haihitaji digrii. Inahitaji kujua nani anapimwa na saa gani.

Siku 120 si zako, ni za benki

Umeona malipo kwenye taarifa yako ya akaunti ambayo huyatambui. Njia ya kuyarudisha inaitwa chajibaki. Benki iliyokupa kadi inapeleka pingamizi kwa mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, na mtandao unalipeleka kwa benki ya yule muuzaji aliyechukua pesa. Wewe huwezi kuongea na Visa moja kwa moja. Mlango wako ni mmoja, benki yako.

Kwa malipo ya wizi, kanuni za Visa na za Mastercard zinatoa siku 120. Zinahesabiwa kuanzia siku malipo yaliposhughulikiwa kwenye mtandao. Ile siku uliyoona SMS si lazima iwe hiyo hiyo. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Sasa sikiza hapa, maana watu wengi wanapapita. Hizo siku 120 si muda wako wa kulalamika. Ni muda wa benki yako kupeleka pingamizi. Ukilalamika siku ya pili na benki ikalalia fomu yako hadi siku ya 121, mlango wa mtandao umefungwa, na wewe ulikuwa mapema kabisa. Saa haisimami kwa sababu umepewa namba ya malalamiko. Inasimama pale pingamizi lenyewe linapoingia kwenye mfumo.

Ndiyo maana nasema "ngoja" si neno la adabu. Ni neno linalokula muda ambao wewe ndiye utaulipia. Na kuna jambo la pili: masharti ya akaunti yako yanaweza kukupa wewe muda mfupi kuliko huo wa kupinga kitu kwenye taarifa. Yafungue leo, tafuta sehemu ya makosa kwenye taarifa, usome hiyo namba. Ukiripoti siku hiyo hiyo unayoona, hakuna mtu atakutolea kifungu.

Kesi ya jirani yangu

Jirani yangu wa ploti, dada anayeuza nguo mtandaoni, aliamka Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 akakuta meseji tatu za benki. Saa 01:12 usiku, dola 1.00. Saa 01:15, dola 49.99. Saa 01:16, dola 49.99 tena. Kwa kiwango cha benki yake, hiyo ilikuwa shilingi 13,430 na senti. Jina la muuzaji lilikuwa herufi tu, kama mtu amekalia kibodi.

Ile dola moja usiichekelee. Mwizi aliyenunua namba za kadi hajui kama kadi iko hai. Anaijaribu na kiasi kidogo ambacho hutashtuka nacho, ikipita anavuta kikubwa. Ukiona dola moja usiyoijua, hiyo ni hodi. Funga kadi saa hiyo hiyo.

Alipiga simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kadi ikafungwa. Hapo benki ilifanya vizuri. Kisha akaambiwa malipo bado hayajakamilika, huenda yakajirudi yenyewe, angoje. Hiyo nayo ina ukweli nusu. Malipo ya kadi yanaanza kama pesa iliyoshikiliwa tu, na mengine huachiliwa bila muuzaji kuyachukua. Benki kwa kawaida haiwezi kupinga kitu ambacho bado hakijaingia kwa akaunti. Lakini kuripoti unaripoti siku hiyo hiyo. Kungoja malipo yakamilike ni jambo moja, na kungoja kuripoti ni jambo lingine kabisa.

Malipo yaliingia kwa akaunti Jumatatu tarehe 10 Machi. Hesabu siku 120 kutoka hapo, unafika tarehe 8 Julai. Andika hiyo tarehe mahali, tutairudia.

Tarehe 11 akaenda tawini, akajaza fomu, akaiacha kwa meza. Hakupewa nakala. Akaambiwa jibu litatoka baada ya siku 45 za kazi. Weka Idd, Pasaka na Leba Dei ndani, hiyo inakupeleka wiki ya tatu ya Mei. Na kweli, Jumanne tarehe 20 Mei jibu likaja, mistari miwili: malipo yalithibitishwa kwa OTP ya mteja, ombi limekataliwa.

Siku 71 zilikuwa zimeisha. Zimebaki 49. Na hakuna mtu aliyemwambia kwamba kuna kitu kinahesabiwa.

"Ulipeana OTP": mwambie athibitishe

Hapa ndipo wengi wanakunja mkia. Ukiambiwa OTP yako ilitumika, unaanza kujishuku. Labda nilibonyeza kitu? Labda kuna msee alishika simu yangu? Unaona aibu, unaenda kimya. Nasema usiende. Hilo ni dai, na dai linathibitishwa na anayelitoa.

Kila malipo ya mtandaoni yanabeba alama ndogo inayoitwa `ECI`. Ni tarakimu mbili tu. Inaeleza kama mwenye kadi alithibitishwa au la. Kwa Visa, `05` maana yake uthibitisho ulikamilika. `06` maana yake muuzaji alijaribu kuthibitisha lakini haukukamilika. `07` maana yake hakukuwa na uthibitisho wowote, namba za kadi ziliandikwa na malipo yakapita hivyo tu. Kwa Mastercard, tatu hizo ni `02`, `01` na `00`.

Hizo tarakimu zinaamua nani anabeba hasara. Ikiwa ni `07`, muuzaji alikubali malipo bila kuuliza swali, na kwa wizi wa mtandaoni benki yako ina haki ya kumrudishia mzigo. Ikiwa ni `05` au `06`, kwa kawaida muuzaji amekingwa, na mzigo unabaki kwa benki yako. Umeona hiyo? Unabaki kwa benki. Hapo ndipo benki inapata hamu ya kusema ni wewe, maana bila hivyo ni yeye.

Na hata `05` si ushahidi kwamba OTP ilitumwa. Mifumo ya siku hizi inaruhusu benki kupima hatari kimya kimya na kupitisha malipo bila kumtumia mteja meseji yoyote. Kwa hivyo ukiambiwa yalithibitishwa, swali lako linafuata hapo hapo: OTP ilitumwa, au mliyapitisha wenyewe? Kama ilitumwa, ilienda namba gani, saa ngapi, na meseji ilisema nini?

Jirani yangu alikuwa na kitu kimoja kizuri: hakuwa amefuta meseji. Sanduku lake la SMS la usiku huo lilikuwa na taarifa tatu za malipo na hakuna OTP hata moja. Laini yake haikuwa imepoteza mtandao, kwa hivyo hadithi ya mtu kubadilisha laini yake nayo haikuwepo. Tarehe 21 Mei tukakaa kwa ngazi za ploti tukaandika baruapepe hii:

> Napinga malipo matatu ya tarehe 7 Machi 2025, dola 1.00, 49.99 na 49.99, yaliyoingia kwa akaunti yangu tarehe 10 Machi. Sikuyafanya wala sikumruhusu mtu kuyafanya. Niliripoti kwa simu tarehe 7 Machi na kwa fomu tawini tarehe 11 Machi. Mmenijibu kwamba OTP ilitumika. Naomba kwa maandishi: (1) `ECI` ya kila malipo, (2) kama OTP ilitumwa, namba iliyotumiwa, saa, na maneno ya meseji, (3) `ARN` ya kila malipo, (4) tarehe mliyopeleka pingamizi kwa mtandao wa kadi, au sababu ya kutopeleka. Siku 120 zinaisha tarehe 8 Julai 2025. Nimeambatisha picha za SMS zote za usiku huo.

Hiyo `ARN` ni namba ya tarakimu 23 inayofuata malipo kutoka benki ya muuzaji hadi yako. Ukiwa nayo, hakuna mtu wa kukwambia hawayaoni. Na ona kitu hiyo barua haina. Haina matusi, haina "mmeniua", haina historia ya maisha. Ina tarehe, na ina maswali ambayo jibu lake liko kwa skrini ya mtu fulani.

Jibu lilikuja Ijumaa tarehe 30 Mei, kutoka kwa watu wengine kabisa, si wale wa simu. Malipo yote matatu yalikuwa `07`. Hakukuwa na OTP. Na pingamizi halikuwa limepelekwa popote. Fomu ya tarehe 11 Machi ilikuwa imesomwa na mtu aliyejibu kwa mazoea. Likapelekwa tarehe 4 Juni. Kanuni za Visa zilimpa upande wa muuzaji siku 30 za kujibu, kwa Mastercard huwa 45. Muuzaji hakujibu. Pesa ikarudi tarehe 10 Julai.

Sasa rudia ile tarehe niliyokwambia uandike. Tarehe 8 Julai. Kama angengoja ajulishwe kama alivyoambiwa, mlango ungefungwa.

Ushahidi wenye kazi na ule wa kelele

Watu hunitumia mafaili yao wakidhani ushahidi ni wingi. Msee anapiga picha akiwa Naivasha Road, anasema ona, nilikuwa Satellite, malipo yalifanyika ng'ambo. Kwa malipo ya mtandaoni hiyo haisaidii kitu. Mwizi hakuhitaji kadi yako iwe hapo, alihitaji namba zake tu. Hiyo picha ingekuwa na maana kama kadi ingepitishwa kwa mashine ya duka Mombasa huku wewe uko nayo mfukoni hapa.

Ushahidi wenye kazi ni kidogo. Wa kwanza ni mstari wenyewe wa taarifa ya akaunti, jina la muuzaji lilivyoandikwa herufi kwa herufi, kiasi kwa pesa ya asili na siku yalipoingia. Wa pili ni sanduku lako la SMS likiwa zima, maana kukosekana kwa OTP kunaonekana tu kama hujafuta meseji za kabla na baada. Wa tatu ndio mkubwa kuliko zote: uthibitisho wa siku uliyoripoti. Ukipiga simu, chukua namba ya kesi na jina la aliyekujibu, halafu dakika hiyo hiyo tuma baruapepe ukisema "nathibitisha nimeripoti leo saa fulani". Ukijaza fomu, usitoke tawini bila nakala yenye mhuri. Huo mhuri ndio unabadilisha mazungumzo siku benki itasema umechelewa, kwa sababu unaonyesha nani hasa alichelewa.

Abstrakti ya polisi nayo? Chukua, inasaidia faili. Lakini Visa na Mastercard hawaidai ndipo pingamizi liende, kwa hivyo mtu akikwambia urudi wiki ijayo ukiwa nayo, mwambie apokee ripoti yako leo na abstrakti itafuata.

Na sisi tuache uongo

Hapa wengine mtanikasirikia. Kuna tofauti kati ya malipo ambayo hukuyafanya na malipo uliyoyasahau. Ulijaribu programu bure siku saba, siku ya nane ikakata. Jina kwa taarifa halifanani na jina la programu, kwa sababu limeandikwa jina la kampuni mama au `GOOGLE *` na kitu mbele yake. Kabla hujasema wizi, tafuta hilo jina, angalia baruapepe yako kwa risiti, na uulize kama mdogo wako amenunua almasi za gemu kwa simu yako.

Ukisema wizi kwa kitu ulichojisajili mwenyewe, muuzaji analeta rekodi: akaunti yako, kifaa chako, siku uliyoingia. Pingamizi linaanguka, na siku ukiibiwa kweli benki inakukumbuka. Malipo ya kila mwezi uliyoyakatisha na bado yanakatwa yana njia yake, na ushahidi wake ni mwingine: skrinishoti ya siku uliyokatisha na jibu ulilopewa. Hapo unamwandikia muuzaji kwanza. Kwa wizi huhitaji kumbembeleza muuzaji usiyemjua.

Na kama benki imekurudishia pesa kwa muda wakati kesi inaendelea, usiile. Inaweza kuchukuliwa tena muuzaji akishinda.

Benki ikiendelea kunyamaza

Najua suluhisho la kizazi chetu. Tunaandika X, tunawatag, tunangoja retwiti. Sijasema ni mbaya, inaweza kukupatia mtu wa kukupigia simu. Lakini posti haisimamishi siku 120, na ukiweka namba ya akaunti hapo umewapa wezi wengine kazi.

Kuna njia zenye meno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zinazoshikwa na mtu mwingine, na kanuni zake za 2021 zinampa siku 7 kujibu ombi hilo, bila malipo. Rekodi ya OTP iliyodaiwa kutumwa kwa simu yako ni taarifa yako. Waombe kwa jina hilo. Wakikataa, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamiko. Benki yenyewe inasimamiwa na Benki Kuu, na unaweza kuandika huko ukishaipa benki nafasi ya kujibu na faili yako iko sawa.

Na ikiwa siku 120 zimeisha kwa sababu fomu yako ililaliwa, haki yako kwa mtandao wa kadi imeisha, lakini dai lako dhidi ya benki liko hai. Mahakama ya Madai Madogo, pale Milimani, inasikiza madai ya hadi shilingi 1,000,000, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Pale ndipo ile nakala yenye mhuri wa tawi inazungumza kwa niaba yako.

Watu wa benki watasema nawachonganisha na wateja. Hapana. Benki inayopeleka pingamizi ndani ya wiki moja na kumwambia mteja tarehe ya mwisho haina shida na mimi. Ile inayojibu "OTP" bila kuangalia alama mbili kwa skrini yake ndiyo nagombana nayo, kwa sababu inageuza aliyeibiwa kuwa mshukiwa na bado inamwambia angoje.

Kwa hivyo fungua taarifa yako ya mwezi uliopita leo jioni, mstari kwa mstari. Ukikuta usioutambua, hesabu siku 120 kutoka ulipoingia, iandike hiyo tarehe juu ya baruapepe yako, kisha tuma. Wewe umeshawahi kuambiwa "ulipeana OTP"? Walikuonyesha?